Barua ya kujitoa jimu: notisi ya mwezi mmoja inaanza kuhesabiwa lini? Kisa cha Tanga

Hiki ni kisa cha kweli cha hapa Tanga mjini, mwenyewe ameniruhusu nikiandike ila majina nimeyatoa, jimu yenyewe sitaitaja, na sehemu anayofanya kazi nayo nimeiacha pembeni. Humu tumwite Dada Z. Mimi ni msaidizi wa kisheria, watu wananiletea migogoro ya mashamba, mirathi, nyumba za kupanga, hizi za jimu zilikuwa hazinifikii kabisa ila siku hizi zinakuja, kwa sababu jimu zimekuwa nyingi na zote zinasainisha watu fomu ambayo hakuna anayeisoma mpaka siku anataka kuondoka.

Historia kwa ufupi

Dada Z ni mtumishi wa umma. Alijiunga na jimu moja maeneo ya katikati ya mji, ada elfu sitini kwa mwezi, akasaini mkataba wa miezi 12 na akaenda benki kuweka standing oda, yaani akaiagiza benki yake kila tarehe 5 itoe 60,000 iingize kwenye akaunti ya jimu. Malipo ni ya mbele, kwaiyo hela inayotoka tarehe 5 Juni inalipia 5 Juni mpaka 4 Julai. Hili likumbuke, huko chini ndo hesabu yote inakosimamia.

Miezi 12 ikaisha, akaendelea tu, hakuna aliyesaini kitu kipya. Mwisho wa Mei ikatoka barua ya uhamisho, anatakiwa kuripoti Bagamoyo mwanzoni mwa Julai. Tarehe 2 Juni akapita jimu akitoka kazini akamwambia dada wa resepsheni kwamba anahama, kwaiyo mwezi huu ndo wa mwisho. Yule dada akamjibu vizuri kabisa, "haya dada angu, tutakumisi, nitamwambia meneja." Wakapiga picha ya pamoja na mwalimu wa aerobiki, akaondoka zake. Tanga waja leo waondoka leo, ila wa jimu wao hawaondoki hivyo.

Tarehe 5 Julai yuko Bagamoyo hata vyombo hajapanga, meseji ya benki inaingia: 60,000 imetoka. Akapiga simu jimu, resepsheni yuko dada mwingine, yule wa mwanzo ameshaacha kazi. Huyu mpya akamwambia kwenye mfumo wewe bado ni mwanachama na hakuna notisi yoyote, fomu inasema mwezi mmoja kwa maandishi. Hapo ndo akanipigia.

Mkataba ulisema nini hasa

Kitu cha kwanza nilimwomba anitumie picha ya fomu, kurasa zote, pande zote mbili, kwa sababu masharti mara nyingi yako nyuma kwa herufi ndogo na mtu anakutumia tu ule upande wenye jina na picha yake. Alikuwa na nakala, bahati nzuri. Vipengele vilivyotuhusu vilikuwa vitatu tu, navinukuu vilivyo:

"Mkataba huu ni wa miezi kumi na mbili (12) na baada ya hapo utaendelea mwezi kwa mwezi."

"Malipo hufanyika kila tarehe 5 ya mwezi."

"Mwanachama anayetaka kusitisha uanachama baada ya miezi 12 atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, ofisini."

Basi. Hakuna kipengele cha uhamisho, hakuna ugonjwa, hakuna kinachosema notisi ianzie tarehe gani, hakuna kinachosema lazima mwanachama aje mwenyewe, wala hakuna faini ya kujitoa.

Dada Z alikuja na hoja mbili ambazo kila mtu huja nazo. Ya kwanza, "mimi nilishawaambia tarehe 2 Juni." Ni kweli aliwaambia, ila mkataba unataka maandishi, na yule aliyeambiwa hayupo tena kazini. Ya pili, "mimi nimehamishwa na serikali, sijaondoka kwa kupenda, nina barua." Hii nayo haimsaidii. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inayachukulia makubaliano ya watu wazima waliokubaliana kwa hiari kuwa mkataba unaowabana, na uhamisho wa kazi hauvunji mkataba wa jimu isipokuwa mkataba wenyewe umesema hivyo. Na kwa kuwa miezi 12 ilishapita, hata sababu haihitajiki. Angeweza kujitoa kwa sababu kachoka na muziki wao, ilimradi atoe notisi. Nikamwambia barua ya uhamisho aiweke kabatini, ukiiambatanisha tu unawapa nafasi ya kuanza kubishana kuhusu sababu wakati sababu si mjadala.

Barua ya kwanza, ambayo haikwenda

Kabla hajanipigia alikuwa ameshaandika barua yake kwenye simu. Ilikuwa ya adabu sana, kama tulivyofundishwa shule, "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kwa heshima na taadhima uongozi wako unikubalie kusitisha uanachama wangu kutokana na uhamisho wa kikazi, hivyo nategemea ombi langu litakubaliwa. Natanguliza shukrani."

Adabu haina ubaya, tatizo ni kwamba ile ni barua ya kuomba ruhusa. Ombi linaweza kukataliwa, linaweza kukaa mezani wiki tatu meneja akisema "tunalifanyia kazi", na muda wote huo mwezi haujaanza kutembea kwa sababu hujatoa notisi, umeuliza kama unaruhusiwa. Na mkataba haukumwambia aombe, umesema "atatoa notisi". Pili, barua ile haikuwa na tarehe ya mwisho, haikusema hata mwezi, ilisema "kusitisha" tu. Kusitisha kuanzia lini? Wakikujibu "sawa, kuanzia Oktoba" utasema nini?

Tukaiandika upya. Hii hapa, nimeondoa tu majina na namba:

> S.L.P. ......,
> Bagamoyo.
> 8 Julai
>
> Meneja,
> (jina la jimu),
> Tanga.
>
> YAH: NOTISI YA MWEZI MMOJA YA KUMALIZA UANACHAMA, KADI NA. ......
>
> Natoa notisi ya mwezi mmoja ya kumaliza uanachama wangu, kwa mujibu wa kipengele cha kusitisha uanachama kilichopo kwenye mkataba niliosaini nanyi. Miezi 12 ya mwanzo ilishapita na tunaendelea mwezi kwa mwezi.
>
> Barua hii inafikishwa ofisini kwenu tarehe 9 Julai. Siku yangu ya mwisho ya uanachama ni tarehe 9 Agosti.
>
> Nimeshalipia mpaka tarehe 4 Agosti. Siku tano zinazobaki, tarehe 5 mpaka 9 Agosti, nitazilipia kwa sehemu yake ya ada, Sh. 10,000, kabla ya tarehe 5 Agosti. Baada ya hapo sitakuwa nadaiwa. Standing oda yangu nitaisimamisha benki.
>
> Kadi na ufunguo wa kabati vitarudishwa na aliyeleta barua hii siku ya mwisho au kabla.
>
> Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwa namba ya simu iliyoko kwenye fomu yangu.
>
> (sahihi, jina kamili)

Ile elfu kumi si ya kukadiria tu. Kutoka 5 Agosti mpaka 4 Septemba ni siku 31, elfu sitini ugawe kwa 31 uzidishe mara tano unapata 9,677 na senti, tukaifanya elfu kumi ili mtu asije akaanza kugombania mia tatu. Wako watakaouliza kwa nini tujitolee kulipa siku ambazo hata haendi. Kwa sababu mwezi wa notisi ni mwezi wa mkataba kama mwingine wowote, uende usiende unalipa, na tulitaka akija kusimama mbele ya mtu yeyote aonekane ametimiza kila shilingi iliyo upande wake. Ukibakiza hata siku moja unawapa wao pa kushika.

Na tazama tarehe mbili kwenye barua. Imeandikwa tarehe 8, imefika tarehe 9. Mwezi unahesabiwa tangu ilipofika. Wengi wanahesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua halafu barua yenyewe inakaa kwenye mkoba siku nne.

Kuipokelesha

Yeye yuko Bagamoyo, mkataba unasema "ofisini", ofisi iko Tanga. Akasaini nakala mbili, akazituma kwa basi jioni ile ile, asubuhi mdogo wake akazipokea stendi Kange akazipeleka jimu. Tulikuwa tumemwandaa: nakala moja unawaachia, ya pili wanaandika "imepokelewa", jina, sahihi, tarehe na saa, unarudi nayo.

Resepsheni akakataa. "Lazima aje mwenyewe." Kijana akawa mtulivu, akawaambia dada mkataba unasema kwa maandishi ofisini na mimi nimeleta maandishi ofisini, nionyeshe panaposema aje mwenyewe. Akapigiwa meneja, meneja akasema pokea tu. Halafu muhuri haupo, "muhuri anao bosi." Hapa watu wengi wanaondoka wakisema watarudi kesho kugongewa, na kesho bosi yuko Muheza, siku tatu zinakwenda. Muhuri ni pambo, kinachohitajika ni mtu wa ofisi kukiri kwa mkono wake kwamba barua imefika siku fulani. Akaandika jina lake la kwanza, sahihi, 9/7, saa 4:20 asubuhi. Kijana akapiga picha ile nakala juu ya kaunta yao, bango la jimu linaonekana kwa nyuma, akaituma kwa dada yake. Dada Z naye akaituma pamoja na barua kwenye Watsapu ya meneja, namba ile ile wanayotumia kukumbusha watu ada. Mistari miwili ikawa ya bluu.

Kwa nini vyote viwili? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haikatai ujumbe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kwaiyo Watsapu ina uzito wake. Ila mkataba umetaja ofisini, na sikutaka mjadala wa kama simu ya meneja ni ofisi. Karatasi ndo notisi, Watsapu ni shahidi wa karatasi. Kama wangegoma kabisa kuipokea tungepeleka kwa rejista ya posta, unabaki na risiti yenye namba, ila posta ingetula siku na kila siku ilikuwa na bei.

Majibu ya meneja

Tarehe 14 meneja akajibu. Alikuwa mstaarabu, sina neno naye. Akasema barua ameiona ila kwa utaratibu wao notisi inaanza tarehe ya malipo inayofuata, maana yake inaanza 5 Agosti na kuisha 4 Septemba, hivyo Dada Z atalipa elfu sitini ya Agosti nzima. Halafu akaongeza ofa: kama hataki kulipa, wamsimamishie uanachama miezi mitatu bure, akirudi Tanga aendelee.

Nianze na ile ofa maana ndo yenye mtego, hata kama meneja hakuwa na nia mbaya. Kusimamisha uanachama si kuumaliza. Mkataba unabaki hai, miezi mitatu ikipita unaamka wenyewe, na wewe uko Bagamoyo umeshasahau, tarehe 5 Novemba meseji ya benki inaingia tena. Na ukishaikubali ofa umeifuta notisi yako kwa mkono wako. Dada Z alitaka kuikubali kwa sababu ilisikika kama msaada na hakupenda kugombana na watu aliokaa nao vizuri. Tukamwandikia jibu fupi: asante kwa ofa, siihitaji, notisi yangu ya 9 Julai inabaki kama ilivyo.

Kuhusu lini notisi inaanza, hapo ndo kiini cha kisa. Meneja alikuwa anachukua vipengele viwili anavifanya kimoja. Kimoja kinasema hela inalipwa tarehe 5. Kingine kinasema notisi ni mwezi mmoja. Hakuna kinachosema mwezi wa notisi ni mwezi wa malipo. Mwezi mmoja ukiachwa hivyo bila maelezo unakwenda tarehe kwa tarehe, kutoka 9 Julai unafika 9 Agosti. Wangeandika "notisi ya mwezi mmoja kamili wa malipo" au "notisi itolewe kabla ya tarehe 5 na itahesabika kuanzia tarehe hiyo", meneja angekuwa sahihi na mimi ningemwambia Dada Z lipa. Ziko jimu zimeandika hivyo, kwaiyo usichukue kisa hiki ukaenda nacho kichwakichwa bila kusoma yako. Na pale maneno yanapokuwa na utata kweli, kanuni inayotumika kwenye tafsiri ya mikataba ni kwamba utata unamwangukia aliyeandika karatasi, maana yeye ndo alikuwa na nafasi ya kuiandika vizuri. Dada Z alipewa fomu iliyochapishwa tayari, hakubadilisha hata nukta.

Tukamwuliza meneja swali moja tu kwa maandishi: naomba unionyeshe kipengele kwenye mkataba niliosaini kinachosema notisi inaanza tarehe ya malipo. Hatukumhubiria sheria, hatukutishia mahakama. Akakaa kimya.

Benki

Wakati kimya kinaendelea kalenda inasogea kwenda tarehe 5 Agosti, na standing oda haijui habari za barua. Hapa palikuwa na uamuzi wa kufanya, na Dada Z alitaka kuifuta siku ile ile ya tarehe 5 Julai kwa hasira. Nikamzuia. Ukikata malipo kabla hujatoa notisi, mkataba haujaisha, umekuwa tu mdaiwa, na sasa wao ndo wanaolalamika. Notisi kwanza, benki baadaye.

Standing oda ni agizo lako wewe kwa benki yako, kwaiyo wewe ndo unaisimamisha na huhitaji ruhusa ya jimu. Usiichanganye na ule mpango mwingine ambapo umempa mfanyabiashara ridhaa yeye ndo avute hela kwenye akaunti yako, huko lazima uiondoe ile ridhaa na umjulishe anayevuta, la sivyo anaweza kujaribu tena. Waulize benki yako ni ipi kati ya hizo, usidhani. Dada Z akaenda tawi la Bagamoyo tarehe 21 Julai, akajaza fomu ya kusimamisha, akaomba nakala yenye muhuri. Tulikwenda mapema makusudi, kwa sababu ukisubiri siku moja kabla agizo linaweza kuwa limeshaingia kwenye foleni na hela ikitoka kuirudisha ni kazi nyingine.

Tarehe 4 Agosti akalipa elfu kumi kwa Lipa Namba ya jimu, akahakikisha jina lililotokea kwenye simu ni la jimu na si la mtu binafsi, akamtumia meneja skrinshoti na maneno: "Malipo ya tarehe 5 hadi 9 Agosti, kama barua yangu ya 9 Julai." Kile kiambatisho cha maneno ni muhimu, la sivyo elfu kumi inaweza kuja kuitwa malipo ya awali ya Agosti, bado unadaiwa hamsini.

Ilivyoisha

Tarehe 5 Agosti hela haikutoka. Tarehe 7 meneja akatuma ujumbe kwamba anadaiwa 50,000 na asipolipa jina lake litapelekwa kwa wakusanya madeni. Dada Z akaogopa, ni kawaida, mtumishi hapendi kusikia neno deni karibu na jina lake. Tukaandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, tukaambatanisha nakala ya notisi iliyopokelewa, risiti ya elfu kumi, na lile lile swali: kipengele kiko wapi. Safari hii tukampelekea mwenye jimu, kupitia kwa meneja. Mdogo mtu akaipeleka pamoja na kadi na ufunguo wa kabati tarehe 9, akasainishiwa vyote.

Tarehe 12 ikaja barua ya mistari mitatu yenye muhuri (bosi alikuwepo), inathibitisha uanachama umeisha 9 Agosti na hakuna deni. Meneja akamwandikia pembeni kwamba wanabadilisha fomu, kipengele cha notisi kitataja tarehe 5. Wana haki, kwa wanachama wapya watakaoisaini. Wale wa zamani bado wanabanwa na karatasi waliyoisaini wao.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Nikitazama nyuma, kilichomwokoa si ujuzi wa sheria, kusema kweli sehemu ya sheria ilikuwa ndogo. Ni kwamba kila kitu kilichokuwa na ubishi kilikuwa na karatasi yenye tarehe: barua imefika lini, siku ya mwisho ni ipi, kalipa nini na kwa ajili ya siku zipi. Meneja alibaki na kitu kimoja tu cha kusimamia, "utaratibu wetu", na utaratibu ambao haumo kwenye mkataba ni mazoea ya ofisi tu.

Kutaja tarehe ya mwisho ndani ya barua nadhani ndo hatua iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Bila hiyo, meneja angechagua yeye na Dada Z angekuwa anapinga. Kwa kuitaja, meneja ndo akawa anayepinga, na anayepinga ndo anayeulizwa ushahidi.

Ambacho sina uhakika nacho ni ile lugha ya "sitakuwa nadaiwa". Ilikuwa kali kidogo na nadhani ilimkwaza meneja mapema, pengine tungeishia "naomba mnithibitishie" tungepata jibu wiki ya kwanza. Dada Z mwenyewe anasema hapana, angepewa soga tu. Hatujaelewana kwenye hili.

Kilichoshindikana ni elfu sitini ya Julai. Piga hesabu: angepeleka barua tarehe 2 Juni badala ya kuongea kaunta, mwezi ungeisha 2 Julai, hela ya 5 Mei na ya 5 Juni zingekuwa zimeufunika wote na ile ya 5 Julai isingekuwa na uhalali wa kutoka. Tuliidai kwenye barua ya pili kama aya ya mwisho, hawakuijibu kabisa. Ushahidi uliopo ni picha aliyopiga na mwalimu wa aerobiki, ina tarehe ya 2 Juni, na chini yake aliandika kwenye stetasi "kwaherini Tanga". Inaonyesha aliaga, haionyeshi alitoa notisi. Yule dada wa resepsheni wa zamani tulimpata, akasema anakumbuka, ila hakuwa tayari kuandika chochote kwa sababu anadai mshahara wake wa mwisho pale pale. Nikamwambia Dada Z kwamba kufungua shauri kwa elfu sitini na shahidi anayesitasita, wakati wewe unakaa Bagamoyo, nauli peke yake itaimaliza hiyo hela. Akaamua kuiacha.

Na kama angekuwa bado ndani ya miezi 12 barua hii isingemtoa. Kipengele cha notisi kinasema "baada ya miezi 12", kwaiyo kabla ya hapo ingebidi tuongee mengine: kuhamishia uanachama kwa mtu mwingine kama wanakubali, au kukubaliana kiasi cha kuvunja mkataba kabla ya muda. Hapo barua ya uhamisho ingetoka kabatini, na hapo neno "naomba" lingekuwa mahali pake.